Kununua Laptopu Iliyokarabatiwa Mtandaoni: Gredi, Waranti na Vipimo vya Kufanya Ikifika

Laptopu nyingi zilizokarabatiwa zinazouzwa mtandaoni zilianza maisha ofisini. Kampuni hununua au hukodi mashine za aina moja kwa mamia, wafanyakazi huzitumia miaka mitatu au minne, kisha zinaondolewa zote kwa mkupuo na kuuzwa kwa jumla. Karakana huzinunua, huzifuta, huzisafisha, hubadilisha kilichoharibika na kuziweka sokoni. Ndiyo maana matangazo yamejaa ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, na mashine hizo kwa kawaida ni imara kuliko laptopu mpya za bei ya chini.

Mwongozo huu unahusu hasa mashine hizo za ofisi zinazotumia Windows. Nitatumia ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018, kama mfano wa kufuatilia tangu tangazo hadi mezani, kwa sababu ina mtego mmoja wa betri ambao wanunuzi wengi hawaujui.

Gredi inasema nini, na inanyamazia nini

Hakuna kipimo kimoja ambacho wauzaji wote wanalazimika kukifuata. `Grade A` ya muuzaji mmoja inaweza kuwa `Grade B` ya mwingine, na wengine wameachana na herufi kabisa wakaandika `Excellent`, `Good` na `Fair`. Kwa hiyo usinunue herufi. Tafuta ukurasa ambapo muuzaji mwenyewe anaeleza maana ya gredi zake, kisha upige picha ya skrini na kuihifadhi, kwa sababu kurasa hizo hubadilishwa.

Kwa jumla, gredi ya A ina maana kwamba mikwaruzo haionekani ukiitazama laptopu kwa umbali wa mkono. Ya B ina mikwaruzo inayoonekana kwenye mfuniko, pembe zilizochubuka, na vitufe vinavyong'aa kwa kutumika. Ya C ina mibonyeo, nyufa ndogo za plastiki, na mara nyingine alama kwenye skrini yenyewe. Ukisoma maelezo hayo kwa makini utaona kwamba yote yanahusu sura. Gredi haikuambii betri imebaki na nguvu kiasi gani, diski imefanya kazi saa ngapi, wala kama mashine imefunguliwa kikamilifu kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Laptopu ya gredi A yenye betri iliyokufa bado ni gredi A, na muuzaji hajasema uongo.

Kwa maoni yangu gredi ya B ndiyo yenye faida kwa mtu anayetaka kufanya kazi. Mkwaruzo kwenye mfuniko haupunguzi kasi. Ila uliza swali moja kabla ya kulipa: je, dosari ziko kwenye kioo cha skrini au kwenye mwili tu? Doa jeupe katikati ya skrini, linalotokana na kubanwa na vitu ndani ya begi, utaliona kila siku.

Maneno mengine kwenye tangazo yana uzito kuliko gredi. `Manufacturer refurbished` ina maana kwamba mtengenezaji mwenyewe, au karakana aliyoiidhinisha, ndiye aliyeikarabati. `Seller refurbished` ni muuzaji. `Open box` ni mashine iliyofunguliwa na kurudishwa, si lazima iwe imekarabatiwa. `As is` na `For parts` maana yake ukinunua umenunua, na ukiyaona hayo usihangaike kusoma zaidi.

Soma tangazo hadi mwisho wa jina la prosesa

Tangazo la T480 yetu linasema: i5, GB 8, SSD ya GB 256, inchi 14, gredi B, betri angalau asilimia 80, waranti miezi 12. Linaonekana limekamilika, lakini lina mapengo mawili.

La kwanza ni "i5". Kuna i5 za zaidi ya miaka kumi, na zote huitwa i5. Unachohitaji ni tarakimu zinazofuata. i5-8350U ni ya kizazi cha nane, kwa sababu tarakimu ya kwanza ni 8. i5-7300U ni ya saba. Tofauti hiyo ni kubwa: Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane au zaidi isipokuwa wachache, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. T470 na T480 zinafanana kama pacha, na wapo wauzaji wanaolazimisha Windows 11 kuingia kwenye prosesa isiyokubalika. Itafanya kazi leo, lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

La pili ni skrini. "Inchi 14" ni ukubwa tu. T480 iliuzwa na skrini za 1366 × 768 na za 1920 × 1080, na ukikalia ile ya kwanza kutwa nzima ukisoma majedwali utajuta. Muulize muuzaji kwa maandishi: jina kamili la prosesa, idadi ya pikseli, na kama chaja ni ya mtengenezaji. Jibu lake ni sehemu ya mkataba wenu, kwa hiyo lipatikane ndani ya mfumo wa ujumbe wa soko hilo la mtandaoni, si kwa simu.

Waranti: acha kuhesabu miezi, soma masharti

Kuna vipindi viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kipindi cha kurudisha, mara nyingi siku 14 au 30, ambacho unaweza kudai pesa zako. Cha pili ni waranti yenyewe, ambayo inaweza kuwa siku 90, miezi sita au mwaka mzima. Ndani ya waranti, kwa kawaida muuzaji ndiye anayechagua: atengeneze, abadilishe au arudishe pesa. Kwa hiyo kipindi kifupi kina nguvu zaidi, na ndiyo sababu vipimo vyote vilivyo hapa chini vinafanywa siku mbili au tatu za mwanzo.

Kabla ya kulipa, tafuta majibu ya mambo manne. Waranti inaanza kuhesabiwa siku ya kulipa, ya kutumwa au ya kupokea? Nani analipa nauli ya kuirudisha? Betri imo au imetolewa? Na je, kufungua mfuniko wa chini ili kuongeza memori kunafuta waranti?

Swali la betri ndilo linaloumiza wengi. Waranti ya miezi 12 mara nyingi ina mstari mdogo unaosema betri ni kitu kinachochakaa na haimo, au imo kwa siku 30 tu. Halafu kuna nauli. Ikiwa muuzaji yuko nchi nyingine na gharama ya kuirudisha ni yako, waranti ya mwaka mzima inaweza kuwa haina thamani kuliko siku 90 za muuzaji aliye karibu. Mimi ningechagua karakana inayotoa miezi sita na kutengeneza yenyewe, kuliko bima ya miaka mitatu kutoka kampuni nyingine ambayo haijawahi kuigusa mashine hiyo. Laptopu zinazouzwa na Apple yenyewe kama zilizokarabatiwa huja na waranti ya mwaka mmoja, sawa na mpya, na hicho ni kipimo kizuri cha kulinganishia wengine.

Ikifika: anza na vitu visivyotengenezeka

Rekodi video ya kufungua boksi bila kukata, kuanzia stika ya usafirishaji hadi laptopu inapowaka. Onyesha namba ya bidhaa iliyo chini ya mashine, ile inayoitwa `S/N` au `Service Tag`. Tunza boksi mpaka kipindi cha kurudisha kiishe.

Watu wengi huanza kwa kuangalia mikwaruzo. Mimi naanza na kufuli, kwa sababu mkwaruzo unavumilika lakini laptopu iliyofungwa na kampuni haikusaidii kitu.

Washa mashine na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikudai nenosiri, au ikikuruhusu kutazama bila kubadilisha chochote, kuna nenosiri la msimamizi lililobaki. Kwenye mashine nyingi za ofisi nenosiri hilo haliondoki kwa kutoa betri ndogo ya saa kama zamani. Irudishe. Ukiingia vizuri, linganisha namba ya bidhaa inayoonyeshwa humo na ile ya kwenye stika. Zikitofautiana, bodi au mfuniko umebadilishwa, na una haki ya kuuliza. Kisha tafuta neno `Absolute` au `Computrace` kwenye sehemu ya usalama. Kuwepo kwake si tatizo, karibu mashine zote za ofisi zinalo. Unachotaka kuona ni `Not Activated`. Ikiwa imewashwa, mwenye mashine wa awali bado anaweza kuifuatilia na kuifunga kwa mbali.

Kufuli la pili limejificha zaidi. Kampuni nyingi husajili laptopu zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, ambayo huitambua mashine kwa vifaa vyake vya ndani. Usajili huo uko kwenye kompyuta za Microsoft, si kwenye diski, kwa hiyo kufuta kila kitu hakuuondoi. Muuzaji anaweza kuweka Windows bila intaneti, akatengeneza akaunti ya kawaida, na mashine ikafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku utakayoifuta mwenyewe.

Njia ya kuligundua ni kufanya hivyo leo badala ya kusubiri. Nenda `Settings`, `System`, `Recovery`, kisha `Reset this PC` na `Remove everything`. Inaweza kuchukua saa moja au zaidi, chaja ikiwa imechomekwa. Windows inapoanza upya na kuuliza Wi-Fi, unganisha. Usiruke hatua hiyo, kwa kuwa hapo ndipo inapowasiliana na Microsoft. Ukikaribishwa kwa jina la kampuni usiyoijua na kutakiwa uingize barua pepe ya kazi, mashine haijaachiliwa. Kwa kawaida ni kampuni hiyo au mtoa huduma wake anayeiondoa kwenye orodha. Piga picha skrini hiyo na uirudishe laptopu. Usikubali maelekezo ya muuzaji ya "kuruka" hatua, kwa sababu ndivyo alivyofanya yeye.

Mashine ikiwa huru, hakikisha leseni ya Windows. Fungua `Command Prompt` na uandike:

```
slmgr /xpr
```

Jibu jema ni kwamba mashine imeamilishwa kwa kudumu. Ikionyesha tarehe ya kuisha, basi imeamilishwa kwa njia ya makampuni, ambayo hudumu siku 180 kisha kutaka kuthibitishwa tena na seva usiyo nayo. Omba leseni halali.

Betri, ambako fedha nyingi hupotea

Chaji laptopu hadi ijae, kisha andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili liitwalo `battery-report.html`. Lifungue na utazame mistari mitatu. `DESIGN CAPACITY` ni uwezo wa betri ilipokuwa mpya, `FULL CHARGE CAPACITY` ni uwezo wake leo, na `CYCLE COUNT` ni mizunguko ya kuchaji. Gawa wa pili kwa wa kwanza, zidisha mara 100, umepata afya ya betri.

Sasa tuingie kwenye mtego wa T480. Mashine hii ina betri mbili: moja ndani, iliyofungwa chini ya mfuniko, na nyingine nyuma, inayochomoka kwa vidole. Karakana yenye haraka hununua betri mpya ya nyuma, ambayo ni rahisi kubadilisha, na kuiacha ya ndani kama ilivyo. Ripoti ina safu mbili, na anayesoma moja tu hudanganyika. Tuseme kila moja ilikuwa na 24,000 mWh, yaani saa-wati 24, ilipokuwa mpya. Ya nyuma leo ina 23,300, yaani asilimia 97. Ya ndani ina 11,500, yaani asilimia 48. Kwa pamoja una 34,800 kati ya 48,000, ambayo ni asilimia 72 na nusu. Tangazo liliahidi angalau 80. Muuzaji atakutajia ile 97. Wewe una jumla mkononi.

Kuna jaribio jingine la mashine hii ambalo halihitaji hesabu. Hifadhi kazi zako, chomoa chaja, kisha sukuma vifungio viwili vya chini na utoe betri ya nyuma huku laptopu ikiwaka. T480 imetengenezwa kuvumilia hilo, mradi ya ndani ina chaji. Ikizima papo hapo, ya ndani haiwezi tena kubeba mzigo, hata kama ripoti inasema ina nusu ya uwezo. Usijaribu hivi kwenye laptopu yenye betri moja, bila shaka.

Tahadhari moja: takwimu nzuri kupita kiasi nazo zina maana. Mashine ya 2018 inayoonyesha uwezo sawasawa na wa siku ya kwanza na mizunguko sifuri ama ina betri mpya kabisa, ama ina betri ya bei rahisi ambayo chipu yake haisemi ukweli. Utajua kwa kuitumia. Cheza video kwenye intaneti, mwanga wa skrini nusu, saa moja bila chaja, na uandike asilimia mwanzo na mwisho. Laptopu ya aina hii hutumia takribani wati 6 hadi 9 kwa kazi hiyo, hivyo betri yenye saa-wati 35 inapaswa kushuka kwa robo hivi. Ikishuka kutoka 100 hadi 50, au ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 8, takwimu za ripoti hazina maana na betri imechoka.

Diski na mengine

Diski haichukui muda. Fungua `PowerShell` kama msimamizi:

```
Get-PhysicalDisk | Get-StorageReliabilityCounter |
  Format-List Wear, PowerOnHours, ReadErrorsUncorrected
```

`Wear` ni asilimia ya maisha ya SSD iliyokwisha kutumika. `PowerOnHours` isikutishe: mashine ya ofisi inayofanya kazi saa nane kwa siku 250 kwa mwaka hufikisha saa 6,000 ndani ya miaka mitatu, na SSD yenye saa hizo na `Wear` ya 5 iko salama. Makosa ya kusoma yasiyorekebishika yawe sifuri. Ikiwa diski haitoi takwimu hizo, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzisoma kwa njia nyingine. Kwa memori, andika `mdsched.exe`, kubali kuwasha upya, na uiache ijipime.

Kisha vifaa vya nje. Jaza skrini kwa rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja moja, ndani ya chumba chenye giza. Nyeupe huonyesha madoa ya kubanwa, nyeusi huonyesha pikseli zinazowaka daima. Bonyeza kila kitufe, hata vile usivyovitumia. Fungua na ufunge mfuniko taratibu huku ukisikiliza bawaba: mlio wa kupasuka, au fremu inayoachana kidogo pembeni, ni ufa unaokua.

Milango ya USB-C inahitaji muda zaidi, hasa kwa T480 ambayo huchajiwa kwa mlango huo pekee. Ina milango miwili ya aina hiyo na wote wawili wanapaswa kuchaji. Ule wa Thunderbolt ulikuja na programu dhibiti yenye kasoro, na mashine ambazo hazikusasishwa ziliweza kupoteza mlango huo. Chomeka chaja kwenye kila mmoja, itikise kebo kwa wepesi, uone kama taa ya kuchaji inakatika. Sasisha programu dhibiti kupitia programu ya Lenovo Vantage kabla hujafanya lolote jingine la maana. Kwa wenye Dell: ujumbe wa kwamba chaja haitambuliki hauishii kwenye usumbufu, kwani mashine hujipunguzia kasi na inaweza kukataa kuchaji betri.

Mwisho joto. Cheza video kadhaa kwa pamoja au fanya kazi nzito dakika 20 huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto la prosesa. Nyuzi 80 na kitu chini ya mzigo ni kawaida kwa laptopu nyembamba. Ikigota karibu 100 na kasi ikaporomoka, au feni ikikwaruza, vumbi limejaa ndani au pasta ya joto imekauka, na aliyesema amekarabati hakuifungua.

Kudai

Rudi kwenye T480 yetu. Imepita kufuli, diski na joto. Imeanguka kwenye betri. Ujumbe wa madai uwe mfupi na wenye namba:

"Habari. Oda imepokelewa tarehe hii. Tangazo liliahidi betri angalau asilimia 80. Ripoti ya Windows niliyoambatanisha inaonyesha betri ya ndani asilimia 48, na jumla ya betri zote mbili asilimia 72. Naomba betri mpya ya ndani kwa gharama yenu, au nirudishe laptopu na kurudishiwa pesa zote pamoja na nauli. Niko ndani ya kipindi cha kurudisha, kinachoisha tarehe hii."

Ambatanisha ripoti, picha ya tangazo na picha ya namba ya bidhaa. Muuzaji akikupa punguzo la bei badala yake, linganisha na bei ya betri pamoja na kazi ya kuifunga. Akikutumia betri ya ndani uifunge mwenyewe, kwanza pata maandishi kwamba kufungua mfuniko hakutafuta waranti. Kisha ingia BIOS, sehemu ya `Power`, uchague `Disable Built-in Battery`, uchomoe chaja, utoe betri ya nyuma, na ndipo ulegeze skrubu za chini. Ukishafunga, chomeka chaja ili iwake, ichaji hadi ijae, na uendeshe `powercfg /batteryreport` tena kabla kipindi cha kurudisha hakijaisha.